Maneno 31 ya Matokeo

Ikisiri husomwa kwanza lakini huandikwa mwisho. Sura zote tano zimekamilika, msimamizi ameshasaini, kijana wa steshenari anauliza kama nakala ni nne au tano, ndipo mtu anapokumbuka kwamba kuna ukurasa mmoja haujaandikwa. Hapo hufanya lililo rahisi kuliko yote. Anafungua pendekezo la utafiti aliloliandika kabla hajaenda uwandani, anachota humo aya mbili za usuli, anaongeza malengo kutoka sura ya kwanza na mbinu kutoka sura ya tatu, kisha anafunga kwa mstari mmoja wa matokeo na mwingine wa mapendekezo. Nimezisoma nyingi za namna hiyo, nikiwa msimamizi na nikiwa mtahini wa ndani, na alama ya kuzitambua ni kiambishi cha wakati ujao. "Utafiti huu utatumia mbinu ya usaili." Utatumia lini tena, na tasnifu iko kwa mjalidi?

Ninayoikumbuka zaidi ni ya mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, mwalimu wa sekondari aliyekuwa akisoma huku anafundisha. Mada na tarakimu zake nimezibadili hapa ili asijulikane, ila kilichotokea mezani nakieleza kama kilivyokuwa. Alikuwa amechunguza makosa ya upatanisho wa kisarufi katika insha za wanafunzi wa kidato cha pili. Mwongozo wa chuo ulitaka ikisiri isizidi maneno 250. Ya kwake ilikuwa na maneno 412.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeshapunguza kila kinachopungua," aliniambia. "Kilichobaki chote ni muhimu."

"Marahaba, mwalimu mwenzangu. Tuangalie umuhimu wenyewe umekaa wapi."

Nina kawaida ya kuchapa ikisiri kwenye karatasi kwa nafasi pana na kuipaka rangi kwa penseli nne: moja ya lengo, moja ya mbinu, moja ya matokeo, moja ya umuhimu. Sentensi isiyokubali rangi yoyote inabaki nyeupe. Kazi hii sipendi kuifanya mwenyewe; namwachia mwandishi, kwa sababu anapositasita na penseli mkononi ndipo anapogundua kwamba sentensi yake haina kazi. Baada ya hapo tunahesabu maneno ya kila rangi. Siku ile hesabu ilisoma hivi: nyeupe 148, lengo 97, mbinu 104, matokeo 31, na mapendekezo, ambayo alikuwa ameyapaka rangi ya umuhimu, 32.

Aliyatazama yale 31 kwa muda. Miaka miwili ya kazi, insha 80 zilizosomwa neno kwa neno, sura ya nne yenye majedwali, na vyote hivyo vimepewa mistari miwili.

Tulianza na nyeupe kwa kuwa ndiyo rahisi. Sehemu kubwa ilikuwa usuli: Kiswahili ni lugha ya taifa, kinazungumzwa na mamilioni ya watu, kinafundishwa shule zote, watafiti wengi wamekishughulikia. Mtahini wa Kiswahili anayajua hayo. Ikisiri inayoanza hivyo ni kama mgeni anayesalimia watu mlangoni mpaka chai inapoa. Nyeupe iliyobaki ilikuwa historia ya nadharia: kwamba Nadharia ya Uchanganuzi Makosa inahusishwa na Pit Corder, kwamba makala yake mashuhuri ilitoka mwaka 1967, na mihimili yake ni ipi. Haya ni ya sura ya pili. Lakini nadharia yenyewe sikuifuta. Katika idara nyingi za Kiswahili mtahini huitafuta nadharia kwenye ikisiri kama anavyotafuta jina la mtafiti kwenye jalada, na kubishana naye kwa ukurasa huo mmoja hakuna faida. Tuliihamishia ndani ya sentensi ya mbinu kwa maneno machache: "kwa kuongozwa na Nadharia ya Uchanganuzi Makosa." Mwaka na mihimili vikabaki sura ya pili.

Lengo lilikuwa na maneno 97 kwa sababu lilisemwa mara tatu. Kwanza alirudia kichwa cha tasnifu. Kisha likaja lengo kuu, ambalo lilikuwa kichwa kilekile kikiwa kimetanguliwa na "kufanya uchunguzi kuhusu." Halafu yakafuata malengo mahususi matatu: kubainisha aina za makosa, kueleza sababu zake, kupendekeza mbinu za kuyaondoa. Mazoea haya ya kuorodhesha malengo mahususi ndani ya ikisiri sijawahi kuyaelewa. Yanakula nafasi, na mara nyingi hayamwambii msomaji lolote ambalo matokeo yenyewe hayatamwambia. Nilimwomba afunike karatasi, anieleze kwa mdomo alikuwa anatafuta nini. Akasema, "Nilitaka kujua wanakosea wapi zaidi, na kama kweli tatizo ni lugha wanayozungumza nyumbani." Nikamwambia aiandike hivyohivyo.

Katika mbinu ndipo Kiswahili chenyewe kinapotuponza, na hapa mtu asikimbilie kufuta taarifa kabla hajatazama sarufi. Alikuwa ameandika: "Ukusanyaji wa data za utafiti huu ulifanyika kwa kutumia mbinu ya uchambuzi wa matini na mbinu ya usaili." Hayo ni maneno 18, na hatujaambiwa matini zipi wala nani alisailiwa. Kosa liko kwenye nomino zilizoundwa kutokana na vitenzi. Kila unapogeuza "kusanya" kuwa "ukusanyaji" unalazimika kuleta "wa," kisha "za," kisha kitenzi tupu kama "ulifanyika" ili sentensi isimame, na kompyuta inahesabu kila "wa" na kila "za" kuwa neno kamili. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Ukikiacha kifanye kazi yake, unapata nafasi bila kupoteza kitu. Sentensi ile tuliigeuza kuwa "Data zilitoka katika insha 80 na usaili wa walimu 6." Maneno 10, tarakimu zikiwemo, na sasa msomaji anajua ukubwa wa kazi. Baadaye hata hiyo ilibadilika, lakini njia ilikuwa imefunguka. Maneno kama "mbinu ya," "suala la," "kwa kutumia" na "katika muktadha wa" aliyawinda mwenyewe, nami nikawa namtazama tu.

Kuna vitu vya mbinu ambavyo nilimkataza kuvifuta hata nafasi ikibana: idadi ya insha, aina ya shule, na namna kosa lilivyoainishwa. Bila hivyo msomaji hawezi kupima matokeo. Aina ya usampulishaji, falsafa ya utafiti, jina la programu ya kompyuta na masuala ya maadili yanaweza kusubiri sura ya tatu.

Tulipofika kwenye matokeo, kazi ilibadilika sura. Mistari yake miwili ilisema hivi: "Utafiti umebaini kuwa kuna makosa mbalimbali ya upatanisho wa kisarufi katika insha za wanafunzi, na kwamba makosa hayo yanasababishwa na sababu mbalimbali zikiwemo athari za lugha mama na mazingira ya nyumbani." Kwa sentensi ya aina hii nina kipimo kimoja: je, ingeweza kuandikwa kabla mtafiti hajapanda basi kwenda uwandani? Hii ingeweza. Mtu yeyote aliyewahi kufundisha Kiswahili angeiandika akiwa amekaa kibarazani. Basi hayo si matokeo, ni makisio aliyoondoka nayo. Neno "mbalimbali" lenyewe linatosha kumshtua mhariri. Popote linapotokea kwenye ikisiri, nyuma yake kuna orodha au tarakimu iliyofichwa.

Nikamwomba aiweke ikisiri kando, afungue sura ya nne. Majedwali yalikuwa mazuri, yametengenezwa na mtu mwangalifu. Makosa 640. Kati yake, 410 yalikuwa ya namna moja, mwanafunzi kuipa nomino ya ngeli nyingine upatanisho wa I-ZI, kama katika "kitabu yangu" au "jina yake." Katika hayo 410, makosa 287 yalikuwa kwenye vimilikishi na vioneshi, si kwenye vitenzi. Mwanafunzi aliandika "kitabu yangu kimepotea": kimilikishi kimekosewa, kitenzi kiko sawa. Hilo ni jambo la kusisimua, maana linaonesha kwamba mtoto anaijua ngeli ya nomino. Akifika kwenye kitenzi anaipatia. Halikuwemo kwenye ikisiri.

Kisha tukafika kwenye jedwali la lugha ya nyumbani. Wanafunzi 34 walikuwa wakizungumza Kiswahili nyumbani, na 46 walizungumza lugha nyingine. Wastani wa makosa kwa insha ulikuwa 7.6 kwa kundi la kwanza na 8.3 kwa la pili. Alikuwa amefanya jaribio la kitakwimu na kuandika chini ya jedwali kwamba tofauti hiyo haikuwa na uzito.

"Mwalimu, sasa athari za lugha mama umezitoa wapi?" nilimuuliza.

Alinyamaza, akarudi kwenye maelezo ya usaili. Walimu wote 6 walikuwa wamemwambia chanzo ni lugha mama. Watafiti aliowataja katika sura ya pili walisema hivyo pia. Pendekezo lake la utafiti lilisema hivyo. Kwa hiyo alipokaa kuandika ikisiri, mkono uliandika kile ambacho kila mtu alikuwa ameshakisema, na jedwali lake mwenyewe likaachwa peke yake sura ya nne likisema kinyume. Kwa mtu wa isimu hata hoja yenyewe ilihitaji kutiliwa shaka tangu mwanzo. Lugha za nyumbani za wanafunzi wale zilikuwa za Kibantu, na lugha za Kibantu zina ngeli na upatanisho kama Kiswahili. Mtoto aliyekulia kwenye upatanisho hawezi kusemwa amekosa upatanisho kwa sababu ya lugha yake bila maelezo zaidi ya hapo.

Nimekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ndicho kinachonifanya nisiione ikisiri kuwa kazi ya kupamba. Ilipokuwa na maneno 412, ule mgongano haukuonekana. Lengo lilikuwa juu, matokeo chini kabisa, katikati msitu wa usuli na nadharia; msomaji anapofika chini ameshasahau aliahidiwa nini. Tulipoyaweka "kama kweli tatizo ni lugha wanayozungumza nyumbani" na "7.6 na 8.3" katika ukurasa mmoja, sentensi chache tu kati yao, jibu halikuwa na pa kujificha.

Mpangilio huu wa lengo, mbinu, matokeo na maana yake hatukuubuni sisi. Shirika la Kimataifa la Viwango liliuweka katika mwongozo wake wa ikisiri, ISO 214, mwaka 1976. Mwaka 1987 jarida la tiba la Marekani, Annals of Internal Medicine, lilichapisha pendekezo la ikisiri zenye vichwa vidogo, ili daktari aweze kuupima utafiti haraka kabla hajaamua kama makala yenyewe inamfaa. Mwongozo wa ISO unakubali pia kwamba kwa wasomaji wa aina fulani matokeo yanaweza kutangulia. Kwa tasnifu sishauri hivyo. Mtahini anasoma akitafuta swali kwanza, na ukimpa jibu kabla ya swali atakurudisha.

Lakini mpangilio wa kusomwa si mpangilio wa kuandikwa. Nilimwambia aende nyumbani aandike matokeo peke yake, akiwa na sura ya nne mezani na ikisiri ya zamani kabatini. Akishamaliza, aandike swali ambalo matokeo hayo yanalijibu. Kisha aeleze kwa ufupi alivyolipata jibu. Mwisho aandike sentensi moja au mbili juu ya kinachobadilika kwa sababu ya jibu hilo. Baada ya hapo ndipo apange.

Alirudi na karatasi hii, ambayo tuliinyoosha pamoja kidogo:

"Tasnifu hii inachunguza makosa ya upatanisho wa kisarufi yanayotokea zaidi katika insha za Kiswahili za wanafunzi wa kidato cha pili, na iwapo yanasababishwa na lugha ya nyumbani. Insha 80 zilikusanywa kutoka shule 2 za sekondari za kutwa, zikachambuliwa kwa kuongozwa na Nadharia ya Uchanganuzi Makosa. Kila kosa liliainishwa kwa ngeli ya nomino na kwa neno lililokosewa, na walimu 6 wa Kiswahili walisailiwa kuhusu chanzo cha makosa. Makosa 640 yalibainika. Kati yake, 410 (asilimia 64) yalitokana na kuzipa nomino za ngeli nyingine upatanisho wa I-ZI. Asilimia 70 ya makosa hayo yalikuwa kwenye vimilikishi na vioneshi, si kwenye vitenzi (kwa mfano, 'kitabu yangu kimepotea'). Walimu wote walitaja lugha ya nyumbani kuwa chanzo. Hata hivyo, wanafunzi wanaozungumza Kiswahili nyumbani walikuwa na wastani wa makosa 7.6 kwa insha, na wengine 8.3, tofauti ambayo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Lugha ya nyumbani, kwa hiyo, haitoshi kueleza makosa haya. Matokeo yanaonesha kwamba mazoezi ya upatanisho yanayokazia kitenzi peke yake hayagusi mahali ambapo wanafunzi wengi hukosea. Kwa kuwa shule zilikuwa 2 tu na za wilaya moja, matokeo hayawakilishi shule zote za sekondari."

Ni maneno 175. Lengo limechukua 27, mbinu 39, matokeo 77, umuhimu pamoja na mpaka wake 32. Mfano wa "kitabu yangu kimepotea" ndio uliobishaniwa. Yeye aliona si wa kitaaluma kuweka sentensi ya mtoto kwenye ikisiri. Mimi niliona maneno yale matatu yanaeleza tofauti ya kimilikishi na kitenzi kuliko ambavyo istilahi ingeeleza. Tukauacha. Maneno 75 yaliyobaki kufikia kikomo alitaka kuyarudishia usuli. Nikamwambia 250 ni dari, haimlazimu mtu kuigusa.

Kuhusu umuhimu, sentensi yake ya zamani ilikuwa: "Utafiti huu utawasaidia walimu, wanafunzi, watunga mitaala, wizara na watafiti wajao." Ile pia inashindwa kipimo cha basi, na tena ina ule wakati ujao wa pendekezo. Umuhimu wa kweli hutoka ndani ya matokeo na hauwezi kuhamishiwa tasnifu nyingine. Hoja kwamba mazoezi yanayokazia kitenzi hayagusi penye tatizo haiwezi kubandikwa kwenye utafiti wa tamathali za semi. Ni ya tasnifu hii tu. Na sentensi ya mwisho, ya shule 2 za wilaya moja, wanafunzi wengi huiogopa wakidhani inapunguza alama. Kwa uzoefu wangu mtahini akiikuta pale huacha kuitafuta kwa rungu kwenye utetezi.

Watu wa fasihi huniambia kipimo hiki ni cha wenye tarakimu. Sikubaliani nao. "Utafiti umebaini kuwa mwandishi ametumia vipengele vya fani kwa ufanisi" si matokeo hata ukiwa mhakiki wa namna gani, kwani hakuna atakayesafiri kwenda maktaba akarudi na jibu kinyume na hilo. Katika uhakiki matokeo ni dai linaloweza kupingwa. Mwanafunzi anayeandika kwamba katika riwaya alizochunguza wahusika wanawake husimuliwa zaidi kuliko wanavyosema wenyewe, na kwamba hali hiyo hubadilika pale tu wanapoandika barua, amesema jambo ambalo mhakiki mwingine anaweza kufungua kitabu na kulikataa. Hilo linastahili nusu ya ikisiri, hata kama halina asilimia moja ndani yake.

Kabla ya kumrudishia karatasi nilimfanyisha ukaguzi wa mwisho, nao ni wa kuchosha tu: kila tarakimu ya ikisiri itiwe mstari na itafutwe katika sura ya nne, jedwali kwa jedwali. Hapo ndipo hugundulika kwamba ikisiri inasema insha 80 na jedwali linasema 78 kwa sababu mbili zilitupwa baadaye. Zake zilikubaliana zote. Kilichokataa kukubaliana kilikuwa kichwa cha tasnifu, ambacho bado kilisema "Athari za Lugha Mama katika Makosa ya Upatanisho," pamoja na kurasa tatu za sura ya tano zilizopendekeza namna ya kupambana na athari hizo. Kichwa kilikuwa kimeshapitishwa na bodi ya masomo ya uzamili, hivyo kukibadili kulihitaji barua ya mwanafunzi, sahihi yangu, sahihi ya mkuu wa idara na kusubiri kikao. Akaniuliza kama hatuwezi kuirudisha ikisiri ya zamani, kwa kuwa angalau ililingana na kichwa. Alikuwa anatania nusu. Jioni hiyo aliandika barua, na sura ya tano akaianza upya kuanzia jedwali la lugha ya nyumbani.